Arifa Moja kwa Mechi Moja: Jinsi Matokeo Mapya Yanavyofuta ya Zamani

Simu ya msafiri anayevuka mpaka wa Ruhwa kutoka Rusizi kuingia Burundi inaweza kukosa intaneti kwa muda, na arifa zote zinazotumwa wakati huo hubaki kwenye seva zikisubiri simu irudi hewani. Mfano unaofaa ni robo fainali ya CHAN iliyochezwa Kigali tarehe 30 Januari 2016, ambapo Kongo ilitangulia, Rwanda ikasawazisha, kisha Kongo ikashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Mechi kama hiyo huzaa arifa tatu, lakini simu inaporudi hewani ni ya mwisho pekee yenye manufaa.

Katika Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google inayofikisha arifa kwenye simu za Android, ujumbe hupewa `collapse_key`, yaani ufunguo unaoiambia seva kwamba ujumbe mpya wenye ufunguo uleule uchukue nafasi ya ule unaosubiri.

```json
"android": {
  "collapse_key": "rwa-cod",
  "priority": "high",
  "ttl": "7200s"
},
"data": {
  "mechi": "rwa-cod",
  "toleo": "3",
  "matokeo": "Rwanda 1-2 Kongo"
}
```

Ufunguo huo hufanya kazi kwa ujumbe ambao haujafika tu, kwa hiyo arifa iliyokwisha kuonekana kwenye skrini haiguswi nao. Hiyo hubadilishwa na programu yenyewe ndani ya simu, inapoita `notify()` kwa lebo na namba zilezile ilizotumia awali. Anayeweka ufunguo na kusahau lebo hutambua kosa lake upesi, kwa sababu simu iliyokuwa hewani muda wote huonyesha arifa tatu zilizopangana, ilhali iliyokuwa imezimwa huonyesha moja.

Kwa kuwa ujumbe wa kati unaweza kupotea, kila ujumbe hauna budi kubeba matokeo kamili. Tangazo la "Kongo yafunga" peke yake halimwambii msomaji matokeo yakoje. Vilevile Firebase haiahidi kufikisha ujumbe kwa mpangilio uliotumwa, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa `toleo`: programu huhifadhi namba ya mwisho iliyoonyesha, ikapuuza yoyote iliyo ndogo kuliko hiyo, la sivyo 1-1 iliyochelewa ingefuta 1-2. Nayo `ttl`, ambayo ni muda wa ujumbe kusubiri, isipowekwa huwa wiki 4, muda mrefu mno kwa matokeo ya mpira.

Kikomo kikubwa ni kwamba Firebase hutunza funguo 4 tofauti tu kwa programu moja kwenye simu moja, na zikizidi haiahidi zipi zitabaki. Shabiki anayefuatilia mechi sita anaweza kupoteza taarifa asijue. Kwa hali hiyo ni salama zaidi kutumia ufunguo mmoja kwa mechi zote, ujumbe ukiwa ishara tu ya kuifanya programu ivute hali ya sasa kutoka kwenye seva, kisha lebo ndiyo itenganishe mechi moja na nyingine kwenye skrini.