Sauti ya Mtoto na Kimya cha Wakubwa: Usomaji wa Ubeti Mmoja kutoka Mazingira ya Tarime na Serengeti

Katika ushairi wa Kiswahili, mtoto kwa kawaida ni msikilizaji. Mwana Kupona humuusia binti yake. Shaaban Robert humwandikia binti katika *Utenzi wa Hati* na mwana katika *Utenzi wa Adili*. Mtoto anapofanywa nafsineni, mwelekeo huo hugeuka: asiyejua ndiye anayesema, nao wanaojua hunyamaza. Ubeti ufuatao, uliotungwa kuwa mfano wa uchambuzi huu, unamweka msemaji wa aina hiyo katika jamii ya Wakurya wa mkoa wa Mara:

Dada yupo kitandani, wiki mbili hajacheza,
Vigelegele njiani, mimi vilinipendeza,
Ng'ombe wageni zizini, kwa vidole namaliza,
Kiti chake darasani, ni nani atakijaza?

Ubeti hautaji ukeketaji, mahari wala ndoa. Msomaji ndiye anayeunganisha kitanda, ng'ombe na kiti kitupu. Katika Tarime na Serengeti, ukeketaji hufanyika hasa wakati wa likizo ya Disemba, na binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa kwa ng'ombe. Kwa hiyo mpangilio wa mishororo ni mpangilio wa matukio, ingawa mtoto anauona kuwa orodha tu. Kejeli inakaza zaidi katika mshororo wa pili: furaha yake ni ya kweli, na kwa sababu hiyo inamhukumu mtu mzima ambaye furaha yake ina ujuzi.

Hesabu ya vidole nayo ina kazi. Mtoto anajua idadi, hajui bei. Laiti angesema "dada ameuzwa", maana ingebaki ileile lakini msemaji angetoweka, na mahali pake angesimama mwalimu. Hiki ndicho kipimo cha kutofautisha ubeti huu na ngonjera nyingi za shuleni, ambamo wanafunzi hukariri hoja za watu wazima: je, kila neno linaweza kutoka katika yale ambayo mtoto ameyaona na kuyasikia?

Kimya chenyewe kina tabaka mbili. Lipo la mila, ambalo humficha asiyepitia jando au unyago yanayotendeka humo. Lipo pia la sheria: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa lenye kifungo cha kati ya miaka 5 na 15. Kwa tabaka hili la pili, usemi wa mtoto unakaribia kuwa ushahidi dhidi ya watu wa nyumbani mwake, naye hajui.

Hata hivyo, mbinu hii ina mpaka. Mtoto haoni waliokata shauri. Baba, ngariba na wazee wa mila hawamo katika ubeti. Anayebaki kuonekana ni dada aliyelala. Kwa hiyo usomaji unaoishia kwenye huruma kwake unawaacha watendaji palepale kimya kilipowaficha.