Kabla ya kuilaumu ‘e’ ya mtoto wa Kayole, tuulize imepimwa kwa kipimo gani

MAJUZI nilihudhuria mashindano ya kughani mashairi ya wanafunzi katika mtaa mmoja wa Eastlands. Msichana wa Kayole alighani vizuri mno, lakini jaji mmoja akamnyima alama za matamshi. Sababu yake? Eti “irabu zake zimeharibiwa na lugha ya mama, hasa e na o.” Nilipomuuliza baadaye ‘e’ hiyo imeharibika vipi, imepanda au imeshuka, alinijibu: “Wewe sikia tu, si ya Kiswahili sanifu.”

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika wiki hii. Anayesema irabu imekosea njia sharti aonyeshe njia yenyewe ilipo. Wanafonetiki wana vigezo vya kazi hiyo, navyo huitwa irabu msingi. Bahati mbaya, vigezo hivi tunavifundisha visivyo. Katika madarasa mengi mwalimu huchora pembenne ubaoni, akaziweka i, e, a, o na u juu ya mistari yake, kisha akawaambia wanafunzi kwamba hizo ndizo irabu msingi. Sivyo. Hizo ni irabu za Kiswahili. Irabu msingi si mali ya lugha yoyote. Fundi wa nguo pale Gikomba hatumii kiuno cha mteja kuwa futi. Hutumia futi kukipima kiuno.

Aliyeunda kipimo hiki ni Daniel Jones wa Chuo Kikuu cha London, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alianza na ncha mbili ambazo mtu anaweza kuzipata kwa kinywa chake mwenyewe. Peleka ulimi mbele na juu kadiri unavyoweza, midomo ikiwa imetandazwa, bila hewa kukwaruza. Hiyo ni irabu namba 1, [i]. Ukiupandisha zaidi kidogo unasikia mkwaruzo, nawe umeshatoka kwenye irabu. Kisha ushushe ulimi na kuurudisha nyuma kabisa, tena bila mkwaruzo kooni. Hiyo ni namba 5, [ɑ].

Kati ya ncha hizo kuna namba 2, 3 na 4, yaani [e], [ɛ] na [a], zilizopangwa kwa hatua zinazolingana. Kutoka namba 5 unapanda kwa nyuma kwa hatua zilezile, midomo ikizidi kuviringwa, hadi 6, 7 na 8, yaani [ɔ], [o] na [u]. Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulisahau: hatua hizo zinalingana masikioni. Hakuna aliyepima sentimita za ulimi akazipata sawa, na picha za eksirei hazionyeshi ulimi ukishuka kwa ngazi sawasawa.

Ndiyo maana irabu hizi hazijifunziki kwa kuutazama mchoro. Mwanafunzi huketi na mwalimu ambaye naye alizipokea kwa sikio kutoka kwa mwalimu wake, au husikiliza rekodi, na Jones mwenyewe aliacha kadhaa. Mwalimu hutamka, mwanafunzi huiga, naye huambiwa: panda kidogo, legeza midomo, usitembee. “Usitembee” maana yake ni kwamba irabu ishikiliwe sekunde kadhaa bila kuteleza. Anayeianza namba 2 akaishia karibu na namba 1 bado hajafuzu. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna kosa letu maalumu. Namba 2 na 3 zote tunazitamka kwa ‘e’ yetu moja, na namba 4 na 5 kwa ‘a’ yetu, ambayo hukaa katikati yao. Mtu akitamka 2 na 3 na msikilizaji asione tofauti, ajue bado anasikiliza kwa sikio la lugha yake.

Mfano bora wa matumizi yake unatuhusu Wakenya. Katika miaka ya 1930, Lilias Armstrong, mwanafonetiki wa idara ya Jones, alichunguza Kikuyu akimtumia msemaji mmoja aliyekuwa London: Jomo Kenyatta. Kitabu chake kilitoka 1940, miaka mitatu baada ya kifo chake. Armstrong alikuta irabu saba. Kati ya namba 1 na 4, mahali ambapo Kiswahili kina ‘e’ moja, Kikuyu kina mbili: moja ya jirani na namba 2, inayoandikwa ĩ, na nyingine ya jirani na namba 3, inayoandikwa e. Upande wa nyuma ni vivyo hivyo, kwa ũ na o. Katika kitabu chake jozi ya kwanza aliiandika kwa alama za e na ɛ, ya pili kwa o na ɔ. Ndiyo sababu neno mũtĩ, likisemwa na mwenyewe, kwa sikio la Mswahili husikika karibu kama “mote”, na Wanjikũ kama “Wanjiko”. Yeye hakosei, sisi ndio hatuna shubaka la kuiweka sauti hiyo.

Turudi kwa msichana wetu. Nilimwomba aseme pesa, meza na pete, kila neno mara tatu. Kazi ya mpimaji ni kulirudia neno kama lilivyosemwa, kisha kutamka namba 2, kisha namba 3, na kujiuliza ‘e’ hiyo imekaa wapi kati yao. Yake ilikaa juu kidogo ya namba 3. Hapo sikushangaa, kwa kuwa ‘e’ ya Kiswahili huelezwa kuwa iko kati ya 2 na 3. Hata Kikuyu chenyewe kinashuhudia: kilipoazima pesa na meza kilipata mbeca na metha, kwa e ya jirani na namba 3. Kilikuwa na ĩ, hakikuitumia. Basi hata kama lugha ya nyumbani inamvuta, haimtoi mbali na ‘e’ ya Kiswahili.

Hebu yatazame tena maneno hayo ya kuazima. Yaliyobadilika zaidi ni konsonanti: p imekuwa mb, z imekuwa th. Nashuku jaji wetu alisikia konsonanti, au mpando na mshuko wa sauti, akailaumu irabu.

Sidai kwamba kipimo hiki hakina kasoro. Mwaka 1960 Peter Ladefoged alichapisha matokeo ya kuwasikilizisha wanafonetiki irabu za Kigeliki cha Uskoti. Waliofunzwa irabu msingi walikubaliana kuliko wasiofunzwa, lakini hata wao walitofautiana pale ulimi na midomo vilipokwenda kinyume cha mazoea. Na kwa Kidholuo, ambacho majirani zetu wa Makongeni na Jericho wanakijua, mchoro hautoshi: irabu zake tisa hutofautishwa pia na shina la ulimi, likisogezwa mbele au kuachwa nyuma, na pembenne ya Jones haina mahali pa kulionyesha jambo hilo.

Hata hivyo, kipimo chenye mipaka inayojulikana ni bora kuliko sikio lisilo na kipimo. Jaji anayetaka kukata alama za irabu aandike namba: ameisikia kati ya ipi na ipi, na ilipaswa kuwa wapi. Akishindwa, alama za yule msichana zirudishwe.