Presha kuka moja, video mbili

Mwenye duka jipya la vyombo Kariakoo alinionyesha video yake ya kwanza ya kuuza presha kuka ya umeme. Ilikuwa ya dakika sita. Alipoambiwa watu wanataka fupi, alikata sekunde ishirini za mwanzo akazirusha. Sekunde hizo zilikuwa na salamu, jina la duka na maelezo ya njia ya kufika. Presha kuka yenyewe haikuonekana.

Kosa lake ni la wengi. Video fupi si kipande cha video ndefu, kwa sababu mtazamaji wake ni mwingine. Humkuta mtu akipitisha kidole kwenye simu, hajakuuliza kitu, na mara nyingi sauti ameizima. Kwa hiyo tulianza na mwisho wa mapishi: kifuniko kinafunguliwa, mvuke unapanda, harage linabonyezwa kwa vidole viwili na kupondeka. Juu yake tukaandika: "Hayakulowekwa. Chini ya saa moja." Kisha bei, kisha mtaa lilipo duka. Basi. Maandishi tuliyaweka juu kidogo ya katikati, maana sehemu ya chini hufunikwa na maelezo ya video na upande wa kulia hujaa vitufe. Bei usiifiche. Wanaolazimika kuandika ujumbe ili waijue, wengi wao hupita.

Ile ndefu hutafutwa na mtu ambaye tayari ana fedha na wasiwasi. Anajiuliza: itakula umeme kiasi gani? Inaweza kulipuka? Familia ya watu watano inunue ya lita ngapi? Hapa haraka haimsaidii. Tulipiga picha mita ya LUKU kabla ya kupika na baada ya kupika, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, ili tofauti ya uniti ajionee mwenyewe. Tukaonyesha jinsi ya kutoa mvuke kwa vali kabla ya kugusa kifuniko. Ushahidi wa namna hiyo hauingii kwenye sekunde ishirini, na ukiulazimisha unakuwa dai tupu.

Kosa utalijua kwenye grafu ya watazamaji. Video fupi ikiporomoka ndani ya sekunde tatu, picha ya kwanza ndiyo mbovu. Irekodi upya, usihangaike na muziki. Ndefu ikishuka ghafla katikati, nenda dakika hiyohiyo uitazame. Ya kwetu ilishuka pale mwenye duka alipoanza kuhesabu rangi zilizopo, naye akakubali kuikata sehemu hiyo.

Siku ya kurekodi tumia simu mbili, moja wima kwa ajili ya fupi, nyingine imelazwa kwa ajili ya ndefu. Ukiikata picha ya kulala iwe wima, mkono unabaki na presha kuka inatoka. Na mvuke hupanda mara moja tu kwa kila mapishi.