Pesa imekatwa, tokeni haijafika

Saa tatu usiku umeme wa LUKU unamwishia mpangaji wa Chang'ombe. Anafungua programu ya simu, anaingiza namba ya mita yenye tarakimu 11, analipa shilingi 5,000 na kusubiri tokeni ya tarakimu 20. Pesa inakatwa, tokeni haiji. Anabonyeza tena.

Kwenye orodha ya kazi za timu inayotengeneza programu ya namna hiyo, shughuli yote hii huweza kuandikwa kwa mstari mmoja: "Mtumiaji anunue umeme." Mtengenezaji akikabidhiwa mstari huo atajenga ile njia iliyonyooka tu. Hadithi ya mtumiaji husema zaidi: "Kama mpangaji ninayelipa kwa simu, nataka kupata tokeni ya mita yangu, ili umeme urudi bila kutoka usiku kumtafuta wakala." Muundo huu ulianzia katika kampuni ya Connextra, London, mwaka 2001. Sehemu yenye uzito ni ile ya "ili": inaonyesha kwamba kazi haijaisha malipo yanapokubaliwa, bali tarakimu zote 20 zinapomfikia mnunuzi.

Kwa hiyo tokeni iliyochelewa inastahili kadi yake, yenye vigezo vya kukubalika kama hivi:

1. Ikiwa malipo yamekubaliwa na sekunde 30 zimepita bila tokeni, basi skrini ionyeshe "Malipo yamepokelewa, tokeni inaandaliwa" pamoja na namba ya muamala.
2. Ikiwa muamala huo bado unasubiri, na mnunuzi akabonyeza "Nunua" kwa mita ileile na kiasi kilekile, basi programu iulize kwanza seva hali ya muamala wa awali, wala isikate pesa mpaka athibitishe kwamba anataka kununua mara ya pili.
3. Ikiwa tokeni imefika wakati programu imefungwa, basi mnunuzi akiifungua aikute kwenye historia, imegawanywa makundi matano ya tarakimu nne nne.

Kigezo cha pili ndicho kinacholinda mfuko wake. Simu kukosa jibu si ushahidi kwamba ununuzi umeshindikana. Huenda tokeni imeshatolewa na mtandao ndio umekwama. Programu ikichukulia ukimya kuwa ni kushindwa, itamkata mara mbili.

Kigezo kizuri hupimika. "Tokeni ifike haraka" hakipimiki, maana wapimaji wawili wanaweza kutoa majibu mawili. Kile cha sekunde 30 mpimaji hukithibitisha kwa kuichelewesha seva ya majaribio sekunde 40, kisha kutazama skrini. Hata hivyo, hiyo 30 haitoki kichwani mwa mtengenezaji. Huamuliwa kwa mazungumzo na mwenye bidhaa na watu wa huduma kwa wateja, wanaojua malalamiko huanza lini. Rangi ya kitufe aachiwe msanifu. Lakini kadi ya malipo isiyosema nini kitatokea mtu akibonyeza mara mbili bado haijawa tayari kujengwa.