Ufa wa Tanganyika na Ganda Zima la Zuhura

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa na ile inayopanda mashariki ya mji inaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mwendo huo mdogo, uliodumu mamilioni ya miaka, umefungua bonde ambalo ziwa lake lina kina cha mita 1,470 hivi. Haujakoma: Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga upande wa Kalemie.

Zuhura nayo ina mabonde ya ufa. Devana Chasma, lililopigwa picha kwa rada ya chombo cha Magellan kuanzia 1990, hulinganishwa mara nyingi na Bonde la Ufa la Afrika. Sayari hiyo inakaribia Dunia kwa ukubwa, lakini haina mabamba yanayosafiri. Kwa hiyo kupasuka peke yake si hoja. Kinachohitajika ili mabamba yasafiri ni mpasuko unaobaki dhaifu muda mrefu.

Mwamba baridi ulio mzima ni mgumu mno kwa nguvu zinazousukuma kutoka chini. Ndiyo maana ufa wa Tanganyika haukati katikati ya kiini kikongwe cha Tanzania, bali unakizunguka, ukifuata ukanda wa Ubendi, ambako miamba ilibanwa na kukatwakatwa karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Jeraha hilo la kale bado ni njia rahisi. Maji husaidia pia: yakipenya kwenye nyufa hupunguza msuguano, na baadhi ya madini yakichanganyika nayo hugeuka kuwa laini na yenye utelezi.

Juu ya Zuhura joto ni nyuzi 460 hivi za Selsiasi, na maji karibu hayapo. Mwaka 2014 David Bercovici na Yanick Ricard walieleza kwamba mwamba unaobanwa husagika kuwa chembe ndogo na kulegea, lakini kwenye joto kali chembe hizo hukua tena haraka na mwamba ukarudia ugumu wake. Hapo jeraha hupona kabla halijaungana na mengine kuwa mpaka wa bamba. Ni maelezo yenye nguvu, ingawa bado ni nadharia.

Mirihi, yenye nusu ya upana wa Dunia, ilipoa mapema ikabaki na ganda nene. Volkano yake ya Olympus Mons imefika kilomita 22 hivi, kwa sababu ganda halikuihamisha kutoka juu ya chanzo cha moto.

Hata kwenye Dunia ufa si injini ya mwendo wa mabamba. Mvuto mkubwa hutoka kwenye sakafu za bahari zilizopoa zikawa nzito na kuzama mitaroni. Afrika imezungukwa zaidi na migongo ya bahari kuliko mitaro, na hilo huchangia upole wa mwendo wa Tanganyika. Ufa kama huo unaweza kufikia kuwa bahari, au kufa ukiwa bonde tu.