Nusu saa ya kuchuja maombi ya msimbo

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwezi Februari 2006, hupokea marekebisho kutoka kwa wanaojitolea popote walipo. Tuseme kijana wa Kabonga, huku ukingoni mwa Tanganyika, ametuma ombi la kuunganisha msimbo wake. Likikataliwa kwa sababu, atajifunza. Likikaa wiki nne bila neno, hatarudi tena, na ndiyo maana timu ya kujitolea inahitaji kikao cha mchujo kila wiki.

Kikao kina kazi moja: kila ombi lisilojibiwa lipate mtu wa kulishughulikia na tarehe. Msimbo wenyewe husomwa baadaye, kwa utulivu. Dakika 5 za kwanza ni za ahadi za wiki iliyopita. Kisha mwenyekiti hufungua orodha, ya zamani kwanza:

```
gh pr list --repo openmrs/openmrs-core \
  --search "review:none draft:false sort:created-asc" --limit 10
```

Maombi kumi, dakika 2 kila moja. Dakika 5 zinazobaki ni za lile moja lililozua ubishi, na lisipokwisha hapo, mjadala uendelee kwa maandishi chini ya ombi lenyewe.

Turudi kwa kijana wetu. Amerekebisha Kifaransa ndani ya `messages_fr.properties`. Anayejua mradi huona jibu papo hapo: tafsiri za OpenMRS hupitia Transifex, na faili hilo halirekebishwi kwa mkono. Ombi linafungwa, lakini si kabla mtu mmoja hajaandika sababu na kumwelekeza pa kupeleka kazi yake. Hakuna kufunga ombi kimyakimya, hasa la mgeni.

Maombi ya wageni yana mtego mwingine. GitHub inaweza kuzuia majaribio ya ombi la mchangiaji mpya mpaka msimamizi abonyeze `Approve workflows to run`. Mgeni anasubiri matokeo, wapitiaji nao wanasubiri majaribio yapite, na hakuna anayesogea. Mwenyekiti atupie jicho mabadiliko, ahakikishe hayachezei faili za `.github/workflows`, kisha abonyeze hapohapo.

Kanuni nyingine ni chache. Mtu hapitii ombi lake mwenyewe. Asiyekuwepo hapangiwi kazi. Kamera zizimwe, maana mega ni ghali na kwenye mchujo sauti inatosha. Saa itangazwe kwa UTC: saa 18:00 UTC ni saa 2 usiku Kabonga, lakini Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka, ni saa 3.

Na ombi lisipopata mtu wa kulichukua, liandikwe hivyo waziwazi chini yake siku hiyohiyo, ili mwenye kazi ajue aendelee kusubiri au atafute njia nyingine.