Mtu Mmoja, Sauti Tatu

Namstahi mwigizaji anayesimama peke yake mbele ya kipaza sauti, akatuletea mwenye nyumba, mpangaji na dalali wakivutana juu ya kodi, na msikilizaji asiulize hata mara moja ni nani anayesema. Wengi husifu koo lake. Mimi nasifu kwanza karatasi yake.

Karatasi hiyo imejaa alama za penseli. Mshale wa kushuka ni sauti nzito ya mwenye nyumba, wa kupanda ni sauti nyembamba ya mpangaji. Mkwaju mmoja ni kituo kifupi, miwili ni kimya kamili.

↓ Kodi / ya mwezi wa tatu / iko wapi? //
↑ Shikamoo mzee naileta kesho asubuhi na mapema—
↓ Kesho / ya mwezi gani? //

Mshale hutangulia maneno kwa sababu jicho hutangulia mdomo. Ukiwekwa mwishoni mwa mstari, neno la kwanza litakuwa limeshatoka kwa sauti ya mtu mwingine. Kistari kirefu cha mpangaji nacho kina kazi yake. Koo moja haliwezi kusemesha watu wawili kwa pamoja, kwa hiyo mwigizaji hukata sentensi ghafla na kuingiza jibu bila kuvuta pumzi, nasi tukasikia mtu akikatizwa kauli.

Ila ustadi wenyewe, kwa maoni yangu, umo zaidi katika kasi kuliko katika uzito wa sauti. Mzee akikasirika, sauti yake hupanda yenyewe, kwani ndivyo hasira inavyofanya kooni, na hapo humkaribia mpangaji. Asiyejua hulazimisha sauti ibaki chini, na hasira ikafa. Anayejua huiacha ipande, lakini anaongeza mikwaju: “Nimesema / leo / leo hii.” Mzee amepaza sauti, wala hajaharakisha. Mpangaji yeye hana mkwaju hata mmoja. Maneno yake hukimbizana hata anapoomba radhi. Kwa mwendo huo tunawatambua wote wawili hata sauti zao zikikutana.

Dalali, kwa kuwa ndiye msemaji kuliko wote, hupewa sauti ya kawaida ya mwigizaji mwenyewe. Sauti ya kubana au ya kukandamiza huchosha koo, nayo hufaa kwa mistari michache tu.

Kosa hujitokeza katikati ya igizo, pale sauti zinapoanza kufanana taratibu bila mwenyewe kuhisi. Dawa ni kujirekodi, kisha kumsikilizisha mtu ambaye hajasoma karatasi, aseme kila mstari ni wa nani. Palipomkanganya, ongeza mkwaju kabla hujagusa mshale. Wahusika watatu wanatosha; akihitajika wa nne, aitwe mwigizaji mwingine.